Kiwanda kinauza risasi, gharama analipa nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uchafuzi na bei isiyosema ukweli

Majibu mengi hapa yanazungumzia kiwanda kimoja: kile cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, ile metali laini yenye sumu, kilichopakana ukuta na kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa. Kilianza kazi mwaka 2007 kikafungwa 2014, na kesi yake imefika hadi Mahakama ya Juu ya Kenya. Ni vigumu kupata mahali pengine Afrika Mashariki ambapo jambo hili limeandikwa wazi namna hiyo.

Wachumi wanaposema "athari za nje" wanamaanisha nini?

Muuzaji na mnunuzi wakikaa kupatana bei, kila mmoja anahesabu kinachotoka na kinachoingia mfukoni mwake. Kama biashara yao inamwumiza mtu wa tatu ambaye hakuuza wala hakununua, maumivu yake hayamo katika hesabu ya yeyote kati yao. Hiyo ndiyo athari ya nje.

Owino Uhuru palikuwa na watu waliouza betri zilizokufa, palikuwa na mwenye kiwanda, na palikuwa na wanunuzi wa risasi ng'ambo, maana kiwanda kilikuwa chini ya utaratibu wa EPZ wa kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje. Wote hao walipatana kwa hiari na kila mmoja akaondoka na chake. Watoto waliolala upande wa pili wa ukuta hawakuwa katika biashara hiyo, lakini risasi iliingia damuni mwao.

Betri inageukaje kuwa risasi, na sumu inavuja wapi?

Hapa inafaa kwenda taratibu, kwa sababu kila hatua ina gharama yake ambayo mtu anaweza kuilipa au kuikwepa.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi: sahani zenyewe na uji mkavu wa oksidi uliozigandia. Kinachobaki ni plastiki na maji ya asidi. Kazi inaanza kwa kuipasua betri. Kiwanda cha uangalifu huipasua ndani ya mashine iliyofungwa, hukusanya asidi na kuizimua kabla ya kuimwaga. Kiwanda kisichojali huipasua kwa shoka uwanjani, na asidi ikateremka mtaroni ikiwa imebeba chembe za risasi. Wauza vyuma chakavu wengi huimwaga hata kabla ya betri kufika kiwandani, ili wabebe mzigo mwepesi.

Kisha vipande huingizwa tanurini pamoja na makaa na chuma. Risasi safi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, lakini ili oksidi na salfeti zake zitoe metali, tanuri huendeshwa karibu na nyuzi 1,000. Kwa joto hilo sehemu ya risasi hugeuka mvuke, mvuke ukipoa huwa vumbi laini mno, na vumbi hilo huenda na upepo. Linatua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mchanga ambao mtoto anatambaa. Mvua ikinyesha, lililoko juu ya bati linashuka kwenye pipa la maji.

Mwisho yapo masalia ya tanuri, mabonge meusi ambayo bado yana risasi ndani. Yanatakiwa kuhifadhiwa mahali palipozibwa chini na kufunikwa juu. Kuyarundika nyuma ya ukuta hakugharimu kitu.

Dawa ya kila uvujaji inajulikana tangu zamani: mifuko ya kuchuja moshi, mashine iliyofungwa, dimbwi la kusafishia maji, bafu na nguo za kubadili ili mfanyakazi asipeleke vumbi nyumbani. Hakuna hata kimoja kinachohitaji uvumbuzi mpya. Vyote vinahitaji fedha, na hakuna kinachoongeza kilo moja ya risasi ya kuuza.

Kama watu wanaumia, mbona soko halishtuki?

Kwa sababu soko husikia kitu pale mtu anapokataa kununua, anapodai mshahara zaidi, au anapohama. Ili afanye hivyo lazima kwanza ajue anaumizwa na nini.

Risasi haina harufu. Mtoto aliyeingiwa nayo anakuwa na homa zisizoisha, tumbo linamsokota, damu inapungua, anachelewa kusema, darasani hashiki kitu. Mama anampeleka zahanati, anapewa dawa ya malaria au ya minyoo. Jibu liko kwenye kipimo cha damu peke yake, na kipimo hicho zahanati ya kawaida haina. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi damuni kinachojulikana kuwa salama, na kwamba kuanzia maikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mzazi wa Mikindani angejuaje mwaka 2008 kwamba ni risasi?

Kisa cha Phyllis Omido kinaonyesha ilivyokuwa ngumu. Aliajiriwa na kiwanda chenyewe kushughulikia mahusiano na jamii, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini ilionyesha hatari kwa majirani. Akapendekeza kiwanda kihamishwe, naye akaondolewa kwenye jukumu hilo. Baadaye mwanawe mchanga akaugua sana, madaktari wakahangaika na magonjwa mengine, mpaka mtu alipopendekeza apimwe risasi. Alikuwa ameipata kupitia maziwa ya mama. Ikiwa mtu aliyekuwa ndani ya ofisi, mwenye ripoti mkononi, hakulitambua mapema gonjwa la mwanawe, basi mwuza mboga wa nje ya ukuta hakuwa na njia yoyote ya kulifanya soko lishtuke.

Mwenye kiwanda akiwa mtu mwema, si ataweka chujio mwenyewe?

Wengine huweka. Tatizo ni kinachowapata baadaye. Tuchukue namba za mfano, si za kiwanda chochote, kwa tani moja ya risasi.

Tani inauzwa shilingi 200,000. Kununua betri, mafuta, umeme na mishahara ni 170,000. Faida ni 30,000. Bila chujio, moshi na maji machafu ya tani hiyo yanawasababishia majirani hasara ya 60,000: matibabu, siku za kazi zilizopotea, akili za watoto zilizodumaa. Chujio na usafi mwingine vingegharimu 12,000 kwa tani, na vingeishusha hasara ya majirani hadi 5,000.

Sasa hesabu mara mbili. Ukiwaweka wote katika daftari moja, kiwanda bila chujio kinaingiza 30,000 na kuharibu 60,000, yaani jamii imekuwa maskini zaidi kwa 30,000 kila tani inapotoka. Kikiweka chujio, faida inakuwa 18,000, ukiondoa hasara ya 5,000 inabaki 13,000 ya halali. Ni biashara nzuri inayostahili kuwepo. Lakini ukifungua daftari la mwenye kiwanda peke yake, linasema kinyume: bila chujio 30,000, na chujio 18,000.

Na si kwamba mwema anapata kidogo tu kisha maisha yanaendelea. Twende pale betri zinaponunuliwa, kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu. Mchafu ana nafasi ya 12,000 zaidi kwa tani, kwa hiyo anaweza kuongeza bei ya kununulia betri kuukuu mpaka msafi ashindwe. Mwenye betri hana sababu ya kumpelekea anayelipa kidogo. Kiwanda kisafi kinabaki na tanuri zuri lisilo na malighafi. Hali hii inajulikana katika nchi nyingi kwenye biashara ya betri: mitambo iliyotimiza masharti inafanya kazi chini ya uwezo wake, huku wayeyushaji wa uani wakipata mzigo wote. Soko haliko kimya hapa, linamtuza anayechafua.

Ndiyo maana sipendi mjadala huu ukigeuzwa kuwa wa tabia njema. Mtu mmoja mwema katika soko la namna hii anafilisika, na nafasi yake inachukuliwa na mwingine.

Kwa nini majirani na kiwanda wasikae chini wakapatana?

Swali zuri, na mchumi Ronald Coase aliliweka mezani kwa uzito mwaka 1960. Hoja yake: haki ikijulikana ni ya nani, na mapatano yakiwa hayana gharama, wahusika wenyewe watafikia suluhisho lenye nafuu kubwa kuliko yote. Katika mfano wetu, majirani wangeweza hata kumlipia mwenye kiwanda chujio la 12,000 na bado wakanufaika, kwa sababu hasara yao ingepungua kwa 55,000.

Weka masharti hayo juu ya Owino Uhuru uone. Kijiji kilikuwa na watu wapatao 3,000, wengi wakiishi kwa kibarua. Nani angekusanya mchango, na asiyechanga angezuiwaje kuvuta hewa ileile iliyosafishwa? Nani angeliwakilisha tumbo la mama mjamzito ambaye mwaka ule alikuwa bado hajahamia pale? Haki yenyewe ya hewa safi ingedaiwa wapi, wakati wengi walikaa kwenye ardhi wasiyo na hati nayo? Coase mwenyewe alisisitiza kwamba duniani mapatano yana gharama. Hapa gharama hizo zilikuwa ukuta mrefu kuliko ule wa kiwanda.

Si walihamia hapo wenyewe kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu?

Hoja hii inarudi kila mara, na ina chembe ya ukweli. Mahali penye moshi kodi hushuka, na kwa hiyo sehemu ndogo ya madhara huonekana kwenye bei ya chumba. Ila kodi hushushwa na kinachoonekana na kunuka, nayo risasi haionekani wala hainuki. Isitoshe, kodi ikishuka anayepoteza ni mwenye nyumba, na mwenye kiwanda halipi chochote. Na Owino Uhuru kijiji kilikuwepo kabla ya kiwanda; kiwanda ndicho kilichohamia.

Kodi ya uchafuzi ingesaidia?

Mchumi Arthur Pigou alipendekeza njia hii mwaka 1920: mtoze mchafuzi kiasi kilekile cha madhara anayosababisha, kisha umwachie aamue. Turudi kwenye mfano. Akitozwa 60,000 kwa tani, biashara bila chujio inampa hasara ya 30,000. Akiweka chujio atalipa 12,000 ya chujio na tozo ya 5,000, abaki na 13,000. Hahitaji kuhubiriwa. Na mshindani wake mchafu hawezi tena kumpiku kwenye mizani, maana nafasi yake ya ziada imekwisha.

Ugumu wa tozo hii ni kwamba lazima upime kinachotoka. Ukitoza kwa kila tani ya risasi inayouzwa bila kuangalia moshi, msafi na mchafu wanalipa sawa, na hakuna sababu ya kununua chujio. Ukitaka kutoza moshi, unahitaji vifaa kwenye bomba, wakaguzi wasiotoa taarifa kabla ya kuja, na maabara. Kwa viwanda vichache vikubwa inawezekana. Kwa mtu anayeyeyusha betri nyuma ya gereji kwa sufuria, hakuna bomba la kupima. Hapo ni afadhali kumfikia kupitia betri: mnunuzi wa betri mpya aweke amana ambayo atarudishiwa akiipeleka ya zamani kwenye kituo kilichoidhinishwa. Ule uwezo wa mchafu wa kutoa bei nzuri zaidi unavunjwa papo hapo dukani.

Kwa nini isipigwe marufuku tu?

Mahali pengine ndiyo dawa. Risasi kwenye petroli haikuisha kwa tozo peke yake. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na mwanzoni mwa 2006 petroli ya risasi ikaondolewa kwenye vituo vyao. Ilifanikiwa kwa sababu ya mambo mawili: petroli mbadala ilikuwepo kwa bei isiyotofautiana sana, na visafishaji mafuta ni vichache, hivyo ni rahisi kuvisimamia.

Betri haziko hivyo. Magari, minara ya simu na sola za majumbani zinazalisha betri zilizokufa kila siku, na lazima ziende mahali. Ukifunga kila kiwanda kilichosajiliwa, kazi inahamia uani. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, watu walikuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri ili wauze risasi, na bei yake ilipopanda walichekecha zaidi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Kwa hiyo ninachotaka mimi si kuona kila tanuri limezimwa, bali kuona lililobaki linalipa gharama zake zote.

Lakini mahakama si ilitoa fidia? Basi mchafuzi amelipa.

Tuifuate fidia hiyo tuone imetoka kwa nani na lini.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuitetea bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Wakazi walitumia mlango huo. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 za kulisafisha. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikata rufaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo na kutaka ikadiriwe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Kwanza, muda. Kutoka tanuri lilipowashwa hadi uamuzi wa mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amekaribia kumaliza sekondari. Gharama inayofika miaka 17 baadaye haimfanyi mtu anunue chujio leo, hasa kama kampuni yake huenda haitakuwepo siku ya kulipa.

Pili, mlipaji. Hukumu ya 2020 iliigawa lawama, na NEMA peke yake ilibebeshwa asilimia 40, kwa sababu iliruhusu kiwanda kuendelea wakati ilipaswa kukizuia. Wizara zilizohusika na mamlaka ya EPZ nazo zilipewa sehemu. Kisheria naona ni sawa kabisa. Mlinzi aliyelala awajibike. Lakini kiuchumi, fedha za taasisi za umma ni za mlipakodi. Aliyeuza risasi aliondoka na faida, na sehemu kubwa ya bili imehamia kwa watu ambao hawakuuza wala kununua kitu. Athari ya nje imetoka Mikindani ikasambaa nchi nzima.

Fidia ni haki ya waliodhurika na ilipwe yote. Ninachokataa ni kuihesabu kama ushahidi kwamba bei ilirekebishwa.

Kuna athari za nje zilizo nzuri?

Zipo. Mtoto akichanjwa surua anawalinda na wenzake. Soko hutoa pungufu ya kinachohitajika kwa sababu ileile: anayefaidika hayumo katika mapatano. Hata ukusanyaji safi wa betri ni wa namna hiyo, ndiyo maana baadhi ya nchi huufadhili.

Nitajuaje kama kiwanda cha jirani kinatuachia gharama zake?

Anza na yanayoonekana: vumbi la kijivu juu ya mabati na majani, nyasi zilizoungua kufuata mtaro, kuku au mbuzi wanaokufa baada ya kunywa maji yaliyotuama, moshi mzito usiku kuliko mchana. Hizi ni dalili tu. Kwa risasi, ushahidi ni damu ya watoto wa chini ya miaka sita na udongo wa wanapochezea. Udongo uchukuliwe juujuu, sentimita chache tu, sehemu kadhaa kwa umbali tofauti kutoka ukutani. Kama kiwango kinashuka kadiri unavyosogea mbali na kiwanda, chanzo kimejitaja.

Halafu dai karatasi. Kenya, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na leseni yake ziko NEMA, na ukaguzi wa kila mwaka pia. Tanzania Bara ni baraza la mazingira, NEMC, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Linganisha tarehe ya leseni na siku tanuri lilipowashwa, na soma masharti yaliyowekwa: kama yanataja chujio la moshi, uliza lilikaguliwa lini na vumbi lake linatupwa wapi. Chujio linalofanya kazi hujaa. Kiwanda kisichoweza kukuonyesha vumbi lililokamatwa hakikamati kitu.

Kiwanda kikishafungwa, gharama zinaisha?

Hapana. Risasi ni elementi, haiozi wala haivunjikivunjiki kuwa kitu kingine. Iliyoingia kwenye udongo wa juu inabaki hapo mpaka ichimbwe na kupelekwa mahali salama, au ifunikwe kwa udongo safi.

Mwilini nako ni hivyo. Damuni hupungua nusu kwa muda wa mwezi mmoja hivi, ndiyo maana kipimo cha leo kinaweza kuonyesha nafuu. Sehemu kubwa huhamia mifupani, kwa kuwa mwili huichukulia kama kalsiamu, na huko hukaa miongo. Msichana aliyekulia nyuma ya ukuta ule akishika mimba, mifupa yake huachia kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka nayo. Ndiyo sababu wajawazito waliolelewa maeneo kama hayo wanashauriwa kupimwa na kula vyakula vyenye kalsiamu na madini ya chuma kwa wingi, hata kama tanuri lilizimwa wakiwa bado shule ya msingi.